Mama mkwe, mashine ya kufulia na sinki lililokuwa linaita watu

Ngoja kwanza niwaelezee bafu letu lilivyo, maana bila hivyo hamtaelewa mama mkwe alitokaje mle ndani mbio na kanga moja mbele ya mafundi rangi wa jirani.

Tunakaa Bwiru, Mwanza, nyumba ya kupanga, ile sehemu mawe makubwa makubwa ukifungua mlango unaliona ziwa lote mpaka unasahau kodi imepanda. Bafu lipo nyuma. Ukiingia mkono wa kulia kuna sinki la kunawia, pembeni yake mashine ya kufulia, hii ya kufungulia juu ya kilo 8, na chini katikati kuna lile tundu la sakafuni la maji ya kuogea. Choo kina chumba chake na bomba lake la inchi 4, chenyewe hakihusiki na hii kesi japo kilisingiziwa sana. Sasa sinki, mashine na lile tundu vyote vitatu vinamwaga kwenye bomba moja la inchi 2 linalopita chini ya sakafu, linatokea nyuma ya nyumba na kwenda kwenye chemba. Na pale linapotokeza nje kuna bomba jingine limeungwa hapo likapanda na ukuta mpaka juu ya bati. Hilo la kupanda nilikuwa naliona kila nikianika nguo wala sijawahi kujiuliza linapeleka nini huko juu. Halipeleki kitu, ni la hewa. Mafundi wanaliita venti. Mlikumbuke tu hilo bomba maana ndo mhusika mkuu.

Mashine nilinunua kwa hela ya mgao wa kikoba, baba Junior alinuna wiki nzima eti mikono ina kazi gani, sa hivi yeye ndo wa kwanza kutupia jezi humo. Ikawa kila mashine ikimaliza kufua ikianza kutoa maji, sinki la pembeni linatoa sauti. Glo. Glo glo. Gloooo. Mwanzoni kidogo kidogo tu, tukazoea, Junior yeye alikuwa akisikia tu anaitika "naam". Yani mtoto wa miaka minne anaitika sinki, na sisi tunacheka, hakuna aliyesema tuite fundi kwa sababu maji si yanaenda bana, kitu gani kingine unataka kwenye bomba.

Afu akaja mama mkwe kutoka Misungwi. Kaja na kiroba cha karanga, michembe na jogoo mmoja aliyekuwa na hasira na dunia. Nikampokea, mwangaluka nyingi, tukala, kesho yake asubuhi mi nikapakia mashine mashuka yake na mapazia kabisa ili aone mkwe wake ni mtu wa usafi. Yeye akaingia bafuni kuoga. Namuacha aoge huku mashine inafua humo humo, maana inafua yenyewe haimuangalii mtu.

Nipo jikoni nasikia mashine imebadilisha mlio, pampu imeanza kumwaga. Mara sinki likaanza, lakini siku hiyo halikuita, lilichemka. BLUBLUBLUBLU. Mara nasikia "YESU NA MARIA" na mlango wa bafu huo, mama kapita sebuleni povu mpaka magotini, kanga kaishika kwa mkono mmoja, akatokea uwanjani ambapo jirani ana mafundi rangi wanne kwenye ngazi na wote wakageuka ukutani kwa heshima kama wameambizana.

Kuingia bafuni, lile tundu la sakafuni linatapika povu la kijivu, limeinuka kama mkate, na katikati ya povu kuna kitu kidogo cheusi kinatokeza kichwa halafu kinazama. Ilikuwa soksi ya Junior, iliyopotea tangu krismasi. Lakini mama mkwe yeye hakuona soksi, yeye aliona kitu kinamchungulia anaoga. "Mama Junior," ananiambia huku anatetemeka, "hiyo kitu ilinitazama." Sasa we utamwambia nini mama wa watu, mama ile ni soksi? Nilisema "pole mama" basi.

Baba Junior akamwita fundi bomba mmoja wa Kirumba, mzee wa makamo, mtu wa maneno machache na kofia ambayo nadhani analala nayo. Kabla hata hajafungua begi akaniuliza swali ambalo sikulielewa kabisa. "Mama, hilo sinki huwa linapuliza au linavuta?" Nikamwambia fundi linanguruma. Akasema najua linanguruma, ila kunguruma kuko kwa aina mbili, je mapovu yanakuja juu kwako au maji yanaondoka kwako? Mi nikabaki namwangalia. Mama mkwe akadakia toka sebuleni, "Linapuliza! Lilinipulizia mimi!"

Fundi akatikisa kichwa, akasema basi njia imebanwa mbele. Akatueleza vizuri, nami nitawapa kama alivyosema maana nimelielewa baadaye. Mashine ile ikimwaga inatoa maji mengi, zaidi ya ndoo mbili kubwa za lita 20, na inayasukuma kwa pampu, dakika chache tu yote yameingia kwenye bomba. Sasa mbele kukiwa na kizuizi, maji yanafika pale yanajazana yanarudi nyuma, na yanaporudi yanasukuma hewa iliyokuwa humo ndani ya bomba. Hewa inatafuta pa kutokea, inapita kwenye maji yanayobaki kwenye trapu, ile chupa iliyo chini ya sinki, ndo mapovu hayo. Maji yenyewe yakizidi kurudi yanatokea kwenye tundu la chini kuliko yote, ambalo ni lile la sakafuni, alipokuwa amesimama mama.

Mi nikamuuliza mbona tukinawa maji yanaenda fresh tu? Akasema ndo hapo watu wanapodanganyika. Maji ya kunawa ni kidogo na yanaenda taratibu, yanapata nafasi ya kupenya pembeni ya uchafu. Bomba lililobanwa nusu linaweza likakaa hata mwaka mzima mnanawa mnaona liko salama. Mpaka liletewe maji ya mashine. Akanionyesha palepale, akajaza sinki akaachia, yakaenda, ila mwishoni yakasita kidogo. Afu akachukua ndoo ya lita 20 akaimwaga yote kwa mkupuo kwenye lile bomba la mashine, na hapo tundu la sakafuni likainuka tena, mama mkwe akafunga mlango wa chumba kwa ndani.

Akaenda kwenye chemba akaingiza waya wa springi kurudi kuelekea nyumbani. Ukaenda mita kama tatu ukagoma. Akazungusha, akasukuma, ukagoma. Akachimba pale ilipogomea. Haya, wenyeji wa Mwanza mnaojua mji wetu mtakuwa mmeshajua alichokuta. Jiwe. Aliyejenga ile nyumba alichimba mfereji wa bomba akakutana na jiwe, akashindwa kulivunja, akaona isiwe tabu, akalipitisha bomba juu ya jiwe likashuka upande wa pili. Yani bomba la maji machafu lina mlima! Fundi alikaa chini akalitazama lile bomba kwa muda mrefu kama mtu anayetazama picha ya marehemu. Akasema bomba la inchi 2 linatakiwa kila mita moja lishuke sentimita 2 mpaka 2 na nusu, mfululizo, bila kupanda popote. Hili letu lilikuwa linafika kwenye jiwe linapanda, kwa hiyo nyuma ya jiwe pana bonde, maji yanalala hapo siku zote na kila uchafu unatulia hapo.

Alivyokata kile kipande jamani. Kilikuwa na kitu kama mkate wa ajabu, nyuzi nyuzi za nguo zile zinazotoka mashine ikifua, nywele zangu za kusukia, unga wa sabuni uliogandia humo ukawa kama chokaa. Junior akaulizia soksi yake ya pili. Fundi akalizungusha bomba jipya pembeni ya jiwe, akatumia elbo mbili za kulala badala ya moja ya kona kali, akasema kona kali ndo mtego wa takataka. Akapima mteremko na levo, akaunga na gundi, akaacha kidogo ikauke. Tukawasha mashine bila nguo, maji mpaka juu, ikamwaga. Sakafu kavu. Tukashangilia. Baba Junior akamlipa na jogoo nusura ampe, jogoo akamdonoa, fundi akakataa.

Na hadithi ingeishia hapo kama isingekuwa Jumatatu.

Jumatatu nimefua zangu kwa raha, pampu imeanza, tundu la sakafuni kimya kabisa, hata tone. Sinki sasa. Sinki likatoa mlio ambao tangu nimelijua sijawahi kuusikia, KRRROOOOOO, mrefu, wenye njaa, halafu mwisho wake pwah. Mbaya kuliko mwanzo! Yani tumelipa fundi tatizo likaongezeka sauti. Na hazikupita dakika nyingi harufu ya shimo ikajaa bafu zima ikahamia sebuleni, siku hiyo tena wageni wa mama kutoka kanisani wamekuja kumsalimia, wanakunywa soda huku wanapumulia mdomo.

Wageni walivyoondoka mama mkwe akaniita. Akasema mwanangu, mafundi ni mafundi lakini kuna vitu si vya mafundi. Akachukua jagi la maji, akatia chumvi ya mawe, akasimama mbele ya sinki akaomba, akalikemea kwa Kisukuma na Kiswahili ili lisiseme halikuelewa, akamwaga lile jagi lote mle kwenye sinki na lingine kwenye tundu la sakafuni. Na harufu ikaisha. Ndugu zangu, nilisimama mlangoni kwa macho yangu, dakika chache bafu linanuka sabuni tu. Mama hakusema kitu, alinirudishia jagi tu kwa ile namna ya mtu aliyeshinda.

Siku mbili baadaye nikafua tena, KROOO, harufu ikarudi. Mama akarudia dawa yake, ikaisha. Nikafua, ikarudi. Ikafikia mahali mi nafua yeye ameshika jagi anasubiri mlangoni kama nesi wa zamu. Chumvi ikawa inakwisha ndani ya nyumba, mchuzi unapikwa bila chumvi, baba Junior akalalamika ndo nikampigia fundi.

Kumwelezea tu akauliza lile swali lake. "Sasa linavuta?" Nikamwambia fundi sa hivi linavuta mpaka naogopa kuacha mswaki karibu. Akacheka, ndo siku ya kwanza namsikia anacheka. Akasema nakuja, hilo ni la hewa.

Alivyokuja kwanza alimsifia mama mkwe, akasema mama dawa yako ilikuwa sahihi kabisa, ila hapo chumvi uliipoteza bure. Akatufungulia trapu chini ya sinki, ile ya chupa, akatuonyesha. Mle ndani huwa kunatakiwa kubaki maji muda wote, kina cha sentimita 5 mpaka 7 na nusu hivi, na hayo maji ndo mlango. Harufu ya shimo inapanda na bomba inakutana na maji inarudi. Mende pia. Yakiondoka maji mlango uko wazi, harufu inaingia sebuleni inakaa na wageni. Mama akimwaga jagi anajaza trapu, mlango unafungwa. Mi nikifua mlango unavunjwa. Mama mkwe akasikiliza mpaka mwisho akasema, "Kwa hiyo ilifanya kazi." Fundi akasema ilifanya. Basi yeye alichotaka kusikia ni hicho tu, mengine yote hakuyajali.

Sasa kinachoyanyonya hayo maji ni nini? Akasema maji ya mashine yakiingia kwa wingi kwenye bomba la inchi 2 yanalijaza lote, yanateremka yakiwa yameziba njia nzima, na nyuma yao yanaacha pengo linalotaka hewa. Hewa hiyo inatakiwa ishuke kutoka juu ya bati kwa lile bomba la venti. Ikikosekana huko, bomba linajitafutia popote, na pa karibu ni trapu ya sinki, inavutwa kama unavyovuta soda kwa mrija ikifika chini kabisa, ile kroo kroo. Hewa inaingia na maji ya trapu yanaondoka nayo. Nikamuuliza mbona tundu la sakafuni halinywewi? Akasema la chini ni pana linashika maji mengi, halinyweki kirahisi, ila trapu ya sinki ni ndogo, ndo inayoonewa.

Na mbona zamani halikuwa linavuta hivi? Hapa ndo nilimpendea huyu mzee. Akasema venti yenu imeziba siku nyingi tu, ila maji yalikuwa yanaenda yanajikongoja kwa sababu ya lile jiwe, hayana nguvu ya kuvuta. Mi nimewafungulia njia, sasa yanakimbia, na yakikimbia yanavuta kwelikweli. Mlikuwa na magonjwa mawili, moja lilikuwa linalificha lingine.

Ila hakutaka tuamini maneno. Akajaza trapu, akaniambia fua. Mashine ikamwaga, KROOO, akafungua kikombe cha trapu juu ya beseni, maji yaliyobaki humo yalikuwa chini kabisa hayafiki hata mdomo wa lile bomba la katikati. Akajaza tena. Safari hii akatoka nje, pale chini ya venti pana tii yenye kifuniko cha kuzungusha, akakifungua kikabaki wazi. Kwa kuwa njia ya mbele ilishakuwa safi alijua maji hayatamrukia, akasema msijaribu hivi kama bomba limeziba, mtaoga. Akamwambia baba Junior weka kiganja hapo karibu. Nikawasha kumwaga. Ndani sinki kimya. Kimya kabisa, nasikia mota tu. Nje nikasikia baba Junior anasema "wewe! kinanivuta!" mkono umenyonywa kwenye tundu, mama mkwe akakimbilia jagi.

Fundi akasema basi hiyo ndo kesi. Hewa ikipata mlango hapa chini sinki linanyamaza, maana yake juu kumeziba. Akaanza kutaja vinavyoziba, kiota cha ndege, nyigu, mpira wa watoto, majani, na huku kwetu kando ya ziwa wale wadudu wanaokuja wingu zima jioni wakifuata taa, wakifa wanajazana popote. Akaomba ngazi. Ilikuwa Jumapili saa kumi na moja jioni, Simba na Yanga ndo kwanza wameanza, baba Junior kasharudi kwenye kochi lake, kanipa mi kazi ya kushika ngazi.

Fundi akapanda. Kimya. Kimya kirefu. Afu akaita kwa upole sana, "Baba Junior. Hii antena nani aliweka?"

Nikamwona mume wangu dirishani ameacha kutafuna karanga.

Kumbe bana. Kumbe mwaka juzi alivyoleta king'amuzi, fundi wa antena aliyemtoa huko anakokujua yeye alipanda juu akaona bomba limesimama wima, zuri, imara, limeshajengwa, akamwambia bosi hapa hatuhitaji mlingoti, tuokoe hela. Akatumbukiza chuma cha antena ndani ya venti yetu, inchi moja na nusu ndani ya inchi 2, na ili kisiyumbe akapigilia matambara pembeni na juu akafunika na sementi. Sementi! Alisawazisha na mwiko, fundi bomba anasema kazi ilikuwa nzuri sana, hata tone la hewa halipiti. Kwa hiyo miaka yote hiyo mimi nafua, trapu inanyonywa, mtoto anaitikia sinki, mama wa watu anakemea pepo kwa lugha mbili, na juu ya bati inapepea antena ya baba Junior.

Mama mkwe akauliza taratibu, "Kwa hiyo jini ni televisheni?" Hakuna aliyemjibu.

Sasa kuitoa. Baba Junior kaomba tusubiri mapumziko. Fundi akasema jua linazama na mimi siko hapa kwa ajili ya Yanga. Akasema hawezi kuigonga ile sementi maana vipande vitadondokea ndani ya bomba ambalo ndo kwanza kalisafisha, atakata venti chini ya mwisho wa chuma na kukitoa kichwa chote na antena yake. Akaanza kupiga msumeno. Kila akivuta msumeno antena inatikisika, ndani picha inaganda, mchezaji kabaki mguu juu, inarudi, inaganda, mume wangu anapiga kelele "fundi subiri kona!", watoto wa jirani walioomba kuangalia nao wanapiga kelele, mara krak, kichwa kikatoka, ndani skrini ikawa nyeusi na maneno ya hakuna mawimbi. Na kwa kuwa baba Junior alikuwa amekimbia nje kupanda ngazi amzuie, hewa ya kwanza iliyotoka kwenye ile venti baada ya miaka miwili ilimkuta yeye, usoni, wa kwanza. Alishuka polepole. Hakuongea mpaka mechi iliisha, matokeo aliyasikia kwa jirani.

Fundi akamwaga ndoo ya maji toka juu ndani ya venti, mimi niko kwenye chemba nasikiliza, yakashuka yote mfululizo bila kusita, akasema njia nyeupe. Akaunga kipande kipya kikazidi bati kwa kama sentimita 30. Akarudisha kile kifuniko cha tii chini, akakaza. Nikapakia mashine mashuka, mapazia na jezi, maji mpaka mwisho. Ikamwaga. Mama mkwe kasimama na jagi, mi nimeinama sikio kwenye sinki, Junior yupo tayari kuitika. Hamna. Fundi akafungua trapu kuhakikisha, maji yamejaa kama alivyoyaacha.

Hapo ndo baba Junior akafufuka na mawazo. Akasema amesikia kuna vali ya hewa, inafungwa ndani chini ya sinki, inaingiza hewa yenyewe, kwa nini tusirudishe antena juu na tuweke hiyo vali chini. Fundi akamwambia ipo, na kwa kuvuta itasaidia, ila ile inafungua kuingiza tu, kutoa haitoi. Siku hewa ikitaka kusukuma nje itarudi kupuliza kwenye sinki la mama, na kimpira chake kikichoka kinaachia harufu ndani ya nyumba. Anayo venti imejengwa tayari, ya nini anunue ya pili ili ya kwanza ashikie antena?

Baba Junior akanyamaza kidogo. Akasema sawa, basi angalau tufunike juu na wavu mdogo mdogo kama wa chujio la chai wadudu wasiingie. Fundi akasema wavu huo mwezi mmoja tu wale wadudu wa ziwani wameujaza, umeziba upya, akafunga wa matundu makubwa unaozuia ndege tu.

Baba Junior akakuna kichwa, akatazama lile bomba jipya limesimama wima, zuri, imara. Akauliza, "Fundi, na tukiifunga kwa nje ya bomba, na waya tu, hatuingizi kitu ndani?"

Fundi hakujibu. Alishuka, akakusanya vifaa vyake, na ngazi yetu akaondoka nayo.